Kuandika upya dokumenti ndefu sehemu kwa sehemu bila sauti kuhama: maswali tunayoulizwa sana

Niko Lamu, mtaa wa Mkomani. Mimi na mwenzangu tulishika kazi ya kuandika upya mwongozo wa kurasa 74 kuhusu kutengeneza nyumba za mawe za mji wa kale, sehemu 12, na kazi yenyewe ilichukua karibu miezi mitano manake kila mtu ana shughuli zake. Ule mwongozo wa zamani uliandikwa na watu wengi kwa miaka tofauti, ukisoma ni kama umekaa barazani na watu sita wanakuongelesha kwa zamu. Tangu tumalize watu hutuuliza tulifanyaje usikike kama umeandikwa na mtu mmoja, basi nimeona niyaweke maswali yote hapa pamoja.

Sauti mnayoisema ni nini hasa?

Ni nani anaongea, anamwongelesha nani, na anakaa umbali gani naye, basi. Mwongozo wetu tuliamua anayeongea ni fundi mtu mzima anayemwambia mwenye nyumba mmoja, wamesimama mbele ya ukuta wenyewe. Ukishajua hivo mambo mengi yanajijibu, kwa mfano fundi kama huyo hasemi "inapendekezwa kwamba", anasema "usifanye hivi" halafu anakwambia kwa nini.

Mbona sauti inahama na mimi ni yule yule?

Inahama kwa sababu ukikaa kuandika sehemu ya tano unasoma kwanza ile ya nne ili ushike uzi, halafu unaiga ile ya nne bila kujua. Kesho yake ya sita inaiga ya tano. Kila mara tofauti ni kidogo sana huwezi kuiona, lakini zinajumlishana.

Mafundi wa dari wanalijua hili jambo vizuri. Ukiwa na boriti 14 za kukata urefu mmoja, unakata fito moja ya kipimo na kila boriti inapimwa kwa fito ile ile. Kijana asiyejua anakata ya kwanza, anaiweka juu ya ya pili akaikata, halafu ya pili anaiweka juu ya ya tatu, na vile alama huwa anaichora upande wa nje basi kila moja inazidi kidogo. Nusu sentimita tu kila boriti, lakini ya 14 imezidi ile ya kwanza kwa sentimita sita na nusu na haiingii tena pale ilipotakiwa kuingia. Na ukiziangalia mbili mbili zilizofuatana utaapa ziko sawa.

Kwa hivyo dawa yake ni kuwa na fito, yaani ukurasa mmoja ambao haubadiliki ovyo, na kila sehemu unaipima kwa huo ukurasa, sio kwa sehemu ya jana. Sisi tuliuita ukurasa-kigezo.

Huo ukurasa-kigezo naupata wapi? Nianze na utangulizi?

Utangulizi usianze nao. Utangulizi una maneno ya kukaribisha watu, na sauti ya kukaribisha haikufundishi vipi utaeleza kipimo cha chokaa. Chagua sehemu ya katikati ambayo ina kila kitu, iwe na maelekezo, iwe na sababu, iwe na onyo, uiandike upya mara tatu nne mpaka uridhike nayo kabisa. Nusu ukurasa hadi ukurasa mmoja inatosha. Sisi tulichukua sehemu ya lipu. Maandishi ya zamani yalikuwa hivi:

"Inapendekezwa kwamba ukarabati wa kuta za matumbawe ufanyike kwa kutumia lipu yenye asili ya chokaa, na matumizi ya saruji yaepukwe kwani yanaweza kusababisha athari hasi kwa uimara wa ukuta."

Na hii ndo tuliyoifanya kigezo:

"Ukuta wa matumbawe usiupige lipu ya simiti. Ukuta huu hunyonya maji kutoka chini, na maji hayo hutoka nje polepole kupitia lipu. Lipu ya chokaa huyapitisha. Simiti huyafunga ndani, chumvi hukusanyika nyuma yake, na baada ya misimu kadhaa ya mvua lipu huvimba na kubanduka pamoja na vipande vya jiwe. Ukiona imevimba, igonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama debe tupu, imeshaachana na ukuta."

Tulipoupata tuliuchambua tukaona unafanya nini: unaanza na amri, unafuata na sababu kwa mpangilio wa vile mambo yanavyotokea, halafu unamalizia na dalili ambayo mwenye nyumba anaweza kuijaribu mwenyewe kwa mkono wake. Hapo ndo tukaelewa kwamba sauti sio maneno peke yake, ni mpangilio pia. Amri, sababu, dalili. Mtu anaweza kutumia maneno yale yale ya kifundi lakini akianza na sababu ndefu na amri akaileta mwisho, inasikika ni mtu mwengine.

Je siwezi kuchukua maandishi ya zamani nikayarekebisha juu kwa juu kwenye kompyuta?

Unaweza lakini sauti ya zamani itabaki, hii nimeiona kwa macho yangu. Sehemu mbili za mwanzo tulifanya hivo, tukabadilisha maneno magumu, tukavunja sentensi ndefu, na bado zikawa zinasikika kama barua ya ofisi iliyovaa kanzu ya mtu. Manake mifupa ya sentensi ilikuwa ile ile, "ukarabati wa kuta ufanyike" tuliigeuza ikawa "kutengeneza kuta kufanywe", bado hakuna mtu anayefanya chochote hapo.

Kilichofaa ni hiki. Unaisoma sehemu ya zamani yote, unatoa karatasi, unaandika yale mambo yenyewe tu kwa maneno mawili matatu kila moja: simiti inafunga maji, chumvi, kubanduka, gonga. Halafu unalifunga lile faili kabisa, lisiwe hata limefunguliwa upande wa pili wa skrini, unausoma ukurasa-kigezo kwa sauti, ndo unaandika kutoka kwenye karatasi. Ukimaliza unalifungua la zamani tena kuangalia kama kuna kipimo au jina umelisahau au umelikosea. Hatua hii ya mwisho usiiruke, sisi ilitushika mara nyingi tu na hasa kwenye vipimo vya mchanga na chokaa.

Niandike kanuni ngapi?

Chache, zikae kwenye karatasi moja ukutani, manake kanuni 40 hakuna atakayezisoma. Zetu zilikuwa nne na zote zilikuwa za mambo ambayo Kiswahili kinakupa njia mbili tatu na zote ni sahihi, hapo ndipo sauti huponyoka.

Ya kwanza ni nani anaambiwa. Tulichagua "wewe" mmoja. Hakuna "nyinyi", hakuna "mwenye nyumba anatakiwa", hakuna "sisi sote tuna jukumu".

Ya pili ni amri inakujaje. Changanya, uchanganye, changanyeni, inatakiwa ichanganywe, zote zinasema jambo moja lakini anayesema sio mtu mmoja. Sisi tulichukua "changanya" kwa hatua za kazi, na "usi-" kwa makatazo.

Ya tatu ni jambo la kawaida linasemwaje. Chokaa hukauka polepole, chokaa inakauka polepole, chokaa yakauka polepole. Huku kwetu pwani hiyo ya tatu inakuja yenyewe mdomoni, na mtu akichoka anaanza kuiandika bila kujua. Tulichagua "hu-" kwa tabia ya kitu na "-na-" kwa kinachotokea sasa hivi mbele ya msomaji, na hii kanuni moja ilisaidia kuliko zote.

Ya nne ni majina. Simiti, sio saruji. Mwashi kwa anayejenga ukuta na seremala kwa wa milango, neno fundi peke yake likitumika pale tu ambapo haijalishi ni nani. Boriti ni boriti hata zikiwa mia, sio maboriti. Na vyumba vya nyumba tuliviita kwa majina yake ya hapa, daka, tekani, msana wa tini, msana wa yuu, ndani, kila jina likielezwa mara moja pale linapotokea mara ya kwanza na haliguswi tena.

Na nikibadilisha mawazo nikiwa nishafika katikati?

Itatokea. Sisi mpaka sehemu ya sita tulikuwa tunaandika "saruji" halafu tukaona mafundi wote mjini wanasema simiti. Usirudi nyuma wakati huo huo kurekebisha, utapoteza siku nzima na uzi wa sehemu uliyokuwa nayo. Andika kwenye daftari, "deni: saruji iwe simiti, sehemu 1 hadi 6", badilisha kigezo na ile karatasi ya ukutani sasa hivi, uendelee mbele. Madeni yote yalipwe pamoja mwisho.

Nitajuaje kama imehama, na mimi nishaizoea?

Ukisoma mwanzo mpaka mwisho hutaiona, kwa sababu ya zile boriti zinazofuatana nilizosema. Inabidi ulinganishe vitu vilivyo mbali. Chukua aya ya kwanza ya kila sehemu, zote 12, uzikopi kwenye faili moja moja chini ya nyengine, uzisome kwa sauti kwa mkupuo. Halafu fanya hivo hivo na aya za mwisho, manake mwisho wa sehemu mtu amechoka na ndo hapo mahubiri huanza. Zoezi lote ni robo saa na ndilo lililotuonyesha kwamba sehemu ya 9 imepotea kabisa, hiyo nitaieleza chini.

Njia nyengine ni kuprinti kurasa kama kumi kutoka sehemu tofauti, uzichanganye, umpe mtu ambaye hajausoma mwongozo azipange mafungu kwa vile anavyosikia, huyu ni mtu mmoja, huyu mwengine. Usimuulize "ni nzuri?" Muulize tu "hizi kaandika nani na hizi kaandika nani".

Kompyuta haiwezi kunitafutia?

Kwa majina na maneno ya ofisini inaweza sana. Ukiwa na kila sehemu kwenye faili lake la maandishi matupu, amri hii ukiiandika kwenye terminal ya Linux au Mac inakuhesabia kila neno limetokea mara ngapi kwenye kila sehemu:

```
grep -o -i -w -E "simiti|saruji|inapaswa|unapaswa" sehemu*.txt | sort -f | uniq -ci
```

Ukiona sehemu nane hazina "inapaswa" hata moja halafu moja inazo 11, nenda kaisome hiyo moja.

Lakini kwa swali la nani anaambiwa kuna shida ya lugha yenyewe, na watu wengi hawaitarajii. Kwa Kiswahili yule "wewe" hasimami peke yake, yuko ndani ya kitenzi. Kutafuta "nyinyi" iliyoponyoka inabidi utafute mwanzo wa neno:

```
grep -n -i -w -E "m(na|ta|me|si)[a-z]+" sehemu*.txt
```

Hii itakuletea mnapaswa na mtaona, na itakuletea pia mtaa, mnara na msingi, na kwenye mwongozo wa nyumba msingi ni nyingi kweli, basi unazipita kwa macho. Hiyo ni nafuu. Balaa ni "una-", kwa sababu ukuta unanyonya, unyevu unapanda, mlango unavimba, na wewe unagonga, zote zina mwanzo mmoja. Hapo hakuna amri ya kompyuta ya kukusaidia, ni kusoma tu. Na tena ni hatari kwa msomaji vile vile, tulikuwa na sentensi "ukikauka unapaka koti la pili", ukuta ukikauka ndio, lakini anayepaka ni nani? Tukaandika "ukuta ukikauka, paka koti la pili" ikaisha. Kanuni yetu ya amri ndiyo iliyoisafisha, manake tungebaki na "unapaka" kila mahali ukuta na mwenye nyumba wangekuwa wanabadilishana kazi.

Sehemu ya 9 ilikuwa na nini?

Ilikuwa ya boriti, na hii ndo nataka watu waisome vizuri. Rasimu yetu ilisema:

"Wapendwa wenye nyumba, mnapaswa kuelewa kwamba boriti ni moyo wa nyumba na kila mmoja wetu ana jukumu la kuhakikisha zinakaguliwa mara kwa mara ili zisije zikashambuliwa na kuoza."

Kwa karatasi ya ukutani makosa yanaonekana, kuna nyinyi, kuna sisi, kuna jukumu. Tukarekebisha maneno: "Zikague boriti mara kwa mara. Boriti ni moyo wa nyumba." Bado ikawa haifanani na kigezo. Tukaiweka kando ya ule ukurasa wa lipu, amri ipo, haya sababu iko wapi? Haipo. Dalili iko wapi? Haipo. Mwenzangu akasema, "Ndugu yangu, hapa hatujui kitu, ndo maana tunahubiri." Na ni kweli kabisa. Yule fundi wetu wa kwenye kigezo anaongea hivo kwa sababu anajua ukuta unafanya nini. Sisi kwenye lipu tulijua, kwenye boriti tulikuwa tunajua tu kwamba zinaoza.

Tukaenda kwa seremala mmoja mzee Langoni, tukamwamkia, tukakaa naye mpaka magharibi, akatupeleka nyumba mbili akatuonyesha kwa kisu. Tuliporudi iliandikwa kwa mara moja:

"Boriti ikaguliwe kichwani kwanza, pale inapoingia ukutani. Hapo ndipo huoza mwanzo, kwa sababu unyevu wa ukuta huishia hapo na hewa haifiki. Chomeka kisu chembamba. Kikizama bila nguvu, boriti hiyo imekwisha hata kama katikati yake ni ngumu."

Amri, sababu, dalili, bila kulazimisha. (Hata hapo "ikaguliwe" ilituponyoka, mwisho tukaifanya "kagua boriti kichwani kwanza".) Tangu siku hiyo kila sauti ikihama swali langu la kwanza sio neno gani nimekosea, ni jambo gani hapa silijui. Mara nyingi ndipo penye tatizo.

Tuko watu wawili au watatu, tugawane vipi?

Kigezo kiandikwe pamoja, mmekaa meza moja, kila mtu akubali kila sentensi. Halafu msigawane nusu ya mwanzo na nusu ya mwisho, manake patakuwa na mshono mkubwa katikati na kila msomaji ataugusa. Mmoja achukue sehemu za witiri na mwengine za shufwa, hivo kila mmoja jirani yake ni mwenzake na tofauti inaonekana mapema. Kila sehemu ikimalizika aisome mwenzio kwa sauti, sio wewe uliyeandika, akikwama mahali piga mstari hapo. Kutumiana faili kwa watsapu sawa, lakini kusoma kwa sauti mkutane, sikio hushika kitu ambacho jicho limekipita.

Kwa hivyo kila ukurasa usikike sawa sawa?

Hapana. Mtu mmoja akiwa harusini na akiwa matangani hasemi vile vile lakini ukimsikia nje ya mlango unajua ni yeye. Sehemu yetu ya kupanda juu ya dari ni fupi, kali, sentensi za maneno matano. Sehemu ya kuchonga mapambo ya vidaka inatembea taratibu. Tulichoangalia ni kwamba anayeongea na anayeambiwa ni wale wale, na majina ya vitu ni yale yale, urefu wa sentensi tuliuachia.

Maneno ya Kiamu je, muyatoe?

Majina ya vitu na vyumba yabaki, ndiyo majina yake. Maneno ya mafundi tuliyoyanukuu yabaki pia kama yalivyosemwa, ndia ni ndia, sio njia, na mato ni mato, sio macho, yawe ndani ya alama za kunukuu. Kinachoharibu ni Kiamu kinachoingia kwenye maelezo kwenye sehemu ya 3 na kikatoweka kwenye ya 4, msomaji wa Malindi au wa Tanga anaona mtu amebadilika. Tulikuwa na "tini" na "chini" kwenye ukurasa mmoja. Tukaamua maelezo yote ni "chini", na "tini" ibaki kwenye msana wa tini peke yake.

Sehemu ikishapotea, niitie viraka au niiandike upya?

Kama ni majina na amri tu zimehama, itie viraka, saa moja inatosha. Kama mpangilio ndio umehama, toa orodha ya mambo yake kwenye karatasi, lifunge faili, uandike upya kutoka kwa kigezo. Sisi sehemu 12, nane tulizitia viraka na tatu tukaziandika upya, na ile ya lipu haikuguswa kabisa isipokuwa lile neno saruji.